Picha nne zinazofanana, nafasi moja ya LinkedIn: uzoefu wangu na Photofeeler

Mwezi wa tatu, nilipoamua kutafuta kazi nyingine ya ununuzi na ugavi, nilikwenda studio moja Sinza nikapigwa picha 14. Zote nimevaa koti jeusi lilelile na mtandio uleule wa rangi ya maziwa, na nyuma yangu pazia la kijivu. Kumi niliziondoa haraka, maana katika nyingine nimefumba macho na katika nyingine mdomo umenaswa katikati ya neno. Zikabaki nne, namba 3, 6, 9 na 11, na hizo zilinichukua siku tatu bila uamuzi. Asubuhi naipenda ya 3, jioni naiona ya 6 ndiyo yenyewe.

Dada yangu alisema 11. Mume wangu alisema zote nzuri, na nilimwelewa, kwa sababu ananijua na hawezi kuniona kama mtu anayeniona mara ya kwanza. Hapo ndipo nilipojaribu Photofeeler, tovuti ambayo unapandisha picha yako na watu wasiokujua wanaipigia kura. Kwa picha za kazi wanaulizwa mambo matatu: mtu huyu anaonekana mahiri kiasi gani, anapendeka kiasi gani, na ana ushawishi kiasi gani. Unaweza kulipia kura, au kuzipata bure kwa kupigia kura picha za wengine. Mimi nilichagua njia ya bure, na jioni mbili zikatosha.

Ila kabla ya kupandisha chochote nilifanya kazi moja ambayo naona ndiyo iliyonisaidia kuliko hata kura zenyewe. Niliziweka picha zote nne katika hali moja. Awali zilikuwa zimetumwa kwenye simu kama picha za kawaida, zikabanwa njiani, na nilipozikuza nyusi zilionekana kama zimepakwa kwa kidole. Nikamwomba mpigapicha anitumie upya kama hati, zikaja na ubora wake kamili. Kisha nikazikata zote mraba, macho yakiwa kwenye kimo kimoja na uso ukijaza zaidi ya nusu ya picha. Ya 9 ilikuwa na giza kidogo, nikaiongezea mwanga hadi ikalingana na wenzake. Usipofanya hivyo, mtu anaipa kura picha yenye mwanga mzuri au iliyokatwa karibu, nawe unadhani amependa tabasamu lako.

Baada ya kuzikata nilizikuza hadi mwisho na kutazama macho peke yake. Ya 9 ikatoka hapohapo. Kamera ilikuwa imelenga ukingo wa mtandio, macho yakabaki na ukungu mwembamba ambao kwenye simu hauonekani lakini kwenye kompyuta unaonekana wazi. Kosa la namna hiyo hakuna programu inayolirekebisha vizuri.

Nikapima tatu zilizobaki, kila moja kwa kura 20. Ya 3 ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nilikuwa nimefunga mdomo, nimeinamisha kichwa kidogo, macho nimeyafungua wazi. Ikashika mkia katika mambo yote matatu, na kwenye kupendeka iliachwa mbali sana. Nilipoirudia kuitazama kwa utulivu nikaona walichokiona. Mdomo umetabasamu kidogo lakini mashavu hayajapanda, na chini ya macho hakuna mkunjo wowote. Uso wa namna hiyo kwangu ni wa heshima. Kwa asiyenijua ni uso wa mtu anayesubiri umalize kusema aondoke.

Kwa nini basi niliipenda hivyo? Mtandio wangu naukunjia upande mmoja siku zote, na uso niliouzoea ni ule wa kwenye kioo, ambako kulia na kushoto vimebadilishana. Mwaka 1977 watafiti Mita, Dermer na Knight walionyesha watu picha zao katika hali mbili, ya kawaida na iliyogeuzwa kama kioo. Wenyewe walielekea kupenda ya kioo, marafiki zao wakapenda ya kawaida. Ya 3, kwa jinsi nilivyoinamisha kichwa, inafanana na ninavyojiona asubuhi nikijifunga mtandio. Nikaigeuza ya 11 kwenye simu, na papo hapo nikaipenda zaidi. Sikuitumia ikiwa imegeuzwa, kwa sababu watakaoiona watakutana nami ana kwa ana, si kwenye kioo changu.

Kuna utafiti mwingine unaogusa jambo hili moja kwa moja. Mwaka 2017 David White na wenzake waliwapa wanafunzi picha 12 za nyuso zao wenyewe wachague zinazofaa kwa mitandao, ikiwemo ya kazi, kisha wakawapa wageni picha zilezile wawachagulie. Zilizochaguliwa na wageni ziliacha taswira nzuri zaidi kwa watu wengine kuliko zile ambazo wenyewe walijichagulia. Baada ya yaliyonipata na ya 3, naliamini hilo kabisa.

Zikabaki 6 na 11. Ya 6 iliipita ya 11 kwa alama chache kwenye umahiri, ya 11 ikaipita ya 6 kwa alama chache kwenye kupendeka. Karibu nichague ya 6, kwa kuwa kwenye ununuzi watu wanataka mtu makini. Lakini nikajiuliza, hizo alama chache zina uzito gani? Nikaipandisha ya 11 upya, bila kuigusa, ikapigiwa kura 20 nyingine na watu wengine. Alama zake zikahama karibu sawa na tofauti iliyokuwapo kati yake na ya 6. Kwa hiyo tofauti ile haikuwa ya picha, ilikuwa ya nani amepita siku ile. Nawashauri sana mfanye jaribio hili, na mlifanye kabla ya kuamini pengo dogo. Kura 20 zinatosha kuifichua picha mbovu. Kuamua kati ya nzuri mbili zinazokaribiana, hazitoshi.

Nilichagua kwa njia nyingine. LinkedIn hukuonyesha ndani ya duara, na pale unapoacha maoni duara hilo ni dogo kuliko kucha ya kidole gumba. Nikazipunguza zote mbili hadi ukubwa huo, nikaiweka simu mezani na kusogea hatua moja nyuma. Ya 6, ambayo mabega yamegeuka upande, koti jeusi lilikula nusu ya duara na uso ukasinyaa. Ya 11 mabega yako karibu wazi mbele, meno yanaonekana kidogo, na nukta ya mwanga ndani ya macho haikupotea hata kwa udogo ule. Nikachukua ya 11, ileile ya dada.

Kwa mwenye picha zinazotofautiana sana, au asiyejua kama picha aliyonayo inamwangusha, Photofeeler naipa alama za juu. Mwenye mbili nzuri zilizokaribiana ataishia pale nilipoishia mimi, na jaribio la duara litamsaidia zaidi.

Jambo moja nililolijua nikiwa nimeshapandisha: mraba niliokata ulikuwa umebana, duara likanikata kilele cha mtandio. Nikarudi kwenye faili la mwanzo, nikaacha nafasi ya upana wa vidole viwili juu ya kichwa, nikahakikisha mraba haupungui pikseli 400 kila upande, nikapandisha tena.