Kukata mfaa wa sentimita 60 kwa PrusaSlicer: uzoefu wangu na pini na gundi

Mwenye duka la sanaa hapa Mji Mkongwe alitaka mlango wa Kizanzibari wa kuweka dirishani, kiasi cha theluthi ya mlango halisi. Mbao za pembeni hazikuwa na shida. Kazi ilikuwa kwenye mfaa, ule mti wa kati wenye nakshi unaofunika mwanya baina ya mbao mbili. Urefu wake ni milimita 600, na printa yangu ya 3D, Ender 3, meza yake ni milimita 220 kwa 220 na inapanda hadi 250 tu. Nikaukata vipande vitatu vya milimita 200, vichapwe vikiwa wima.

Nilitumia kifaa cha `Cut` ndani ya PrusaSlicer, programu ya bure ya kuandaa modeli kwa ajili ya printa ya 3D. Tangu toleo la 2.6 la mwaka 2023 kifaa hiki kinakata na kuweka viungo papo hapo. Unachagua modeli, unabonyeza C, unasogeza bapa la kukatia, kisha `Add connectors` na unabofya pale unapotaka pini. Ukiweka pini nje ya uso wa mkato, au mbili zikapandana, inakuonya kabla hujakata. Hilo limeniokolea plastiki nyingi.

Aina ya pini ndiyo inayoamua kila kitu. `Plug` huacha pini imeota kwenye kipande chenyewe. Kwa kipande kinachochapwa wima, matabaka ya pini hiyo yanalala kukingama, na ukiipinda kidogo inakatika shinani. Mimi nachagua `Dowel`: pande zote mbili zinapata matundu, na pini inatoka kama kipande cha peke yake. Ninailaza mezani ili matabaka yake yafuate urefu. Nilitaka yenye pembe sita, ukubwa wa milimita 8, kwa sababu inalala vizuri bila nguzo za kuishikilia. Kila mkato niliupa pini mbili, moja karibu na ukingo na nyingine mbali nao, ili kipande kisiweze kuingia kinyume.

Sasa nafasi. Kabla ya kuchapa mfaa nilichapa kibao chenye matundu matatu, moja limezidi pini kwa milimita 0.1, la pili 0.2, la tatu 0.3. Kwenye printa yangu la kwanza linataka nyundo, la pili linaingia kwa kusukuma na kidole gumba, la tatu linacheza. Nikachukua 0.2. Wewe chapa kibao chako kwa uzi uleule wa plastiki utakaotumia, maana rangi tu ikibadilika tundu linaweza kubadilika.

Lakini 0.2 hiyo ni ya kulenganisha, si ya gundi. Gundi inahitaji mahali pake pa kukimbilia, na mahali hapo ni kwenye kina. Tundu likiwa na kina sawasawa na pini, gundi inabanwa chini pamoja na hewa, inasukuma pini nje kama bomba la sindano, na maungio yanabaki wazi hata ukiyakamata kwa jiliwa. Niliongeza milimita 1 kwenye kina, kisha nikapiga tupa upande mmoja wa kila pini ili hewa ipate njia. Vipande vikakaa uso kwa uso.

Gundi niliyotumia ni epoksi ya dakika tano. Supa gluu hugandishwa na unyevunyevu, na hewa yetu ya pwani inao tele: pini ndefu inaweza kukamatwa nusu ya safari. Isitoshe haijazi uwazi. Epoksi inajaza, ila kwa joto letu dakika zenyewe hazifiki tano, kwa hiyo koroga ya mkato mmoja tu kwa mara moja.

Kuna jambo moja la kuchungulia kabla ya kupaka. Tabaka la kwanza hutanuka mezani, na kwa kipande cha wima tabaka hilo ndilo uso wa maungio. Pitisha ukucha ukingoni: ukikwama, mdomo wa tundu nao umebanwa. Niliweka `Elephant foot compensation`, inayopunguza mtanuko huo, kwenye 0.2, na mabaki nikayakwangua kwa kisu.

Seremala mmoja mzee aliyeuona alinishika bega: “Mwanangu, kiungo kifiche kwenye mstari wa nakshi, usikipitishe katikati ya ua.” Ndivyo nilivyokuwa nimefanya kwa mkato wa juu, uliokaa kwenye ufito baina ya maua mawili. Wa chini uliangukia kwenye jani, na unaonekana ukiinama karibu. Hapo ndipo kifaa hiki kinapofikia mwisho wake: bapa lake limenyooka, na hata ule mkato wa mkia wa njiwa haufuati mkunjo wa nakshi. Kwa kazi ya namna hiyo ninakata kwenye Blender, programu ya kuchora modeli za 3D, pini nikachora mwenyewe, nafasi nikiacha ileile.