TAHADHARI: Barua ya kuitwa kwenye usaili inayokutaka ulipe nauli kwa "wakala wa safari"

Ndugu zangu mnaosubiri kuitwa kwenye usaili, kuna barua inazunguka WhatsApp na imeshamliza binti wa dada yangu aliyeko Mwanza. Naieleza ilivyo ili ikikufikia uitambue.

Ni PDF yenye nembo ya taasisi, kumbukumbu namba, na "YAH: KUITWA KWENYE USAILI" katikati ya ukurasa. Inataja jopo la wajumbe watano kwa majina na vyeo. Inakutaka uende Dodoma na vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na picha za pasipoti. Hadi hapo kila kitu kinafanana na kweli, kwa sababu sehemu ya vyeti wameinakili kwenye matangazo halali.

Wizi umewekwa kwenye aya ya usafiri. Inasema taasisi itagharamia nauli na malazi, ila kwa utaratibu wa kurejeshewa: utume shilingi 85,000 kwa "wakala wetu wa safari" kabla ya saa 10 jioni ya siku hiyohiyo, kisha urudishiwe ukifika ukumbini, pamoja na posho. Binti alituma. Usiku akapigiwa na mtu aliyejiita katibu wa jopo, akitaka 50,000 nyingine za kushikilia chumba. Alipouliza risiti ya ile ya kwanza, simu ikakatwa na namba haikupatikana tena.

Sasa linganisheni na wito halali. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutoa tangazo la wazi kwenye tovuti yake, ajira.go.tz, likiwa na majina ya wanaoitwa, tarehe, saa na mahali. Tangazo hilo huandika bayana kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Kwa hiyo barua yoyote ya jina lao inayozungumzia wakala, kurejeshewa nauli au ada ya usaili ni ya matapeli. Ukitaka uhakika zaidi, ingia kwenye akaunti yako ya portal.ajira.go.tz. Kama uliitwa kweli, utaikuta huko hali ya maombi yako.

Kwa mashirika binafsi mambo hutofautiana, na hapa ndipo wengi wanaponasa. Yapo yanayorudisha nauli kweli. Lakini utaratibu wake ni wewe kupanda basi lolote, kutunza tiketi na kuiwasilisha, au wao kukukatia tiketi wenyewe. Mwajiri anayekulipia safari hana sababu ya kukupangia namba ya simu ya kuitumia hela. Angalieni pia jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala: namba ya huyo "wakala" ilikuwa na jina la mtu binafsi, wala si kampuni. Binti aliliona akadhani ni mhasibu.

Lile jopo nalo lisikutishe. Wito halali aghalabu hauwataji wasaili kwa majina, maana kuwataja ni kuwafungulia watu mlango wa kuwafuata pembeni. Matapeli huwataja makusudi, ili baadaye "mjumbe" akupigie kukuuzia maswali.

Kuhusu vyeti, halali ni kwenda navyo mkononi, vikaguliwe, urudi navyo. Ni kweli kwamba katika usaili wa serikali hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki badala ya cheti chenyewe, hivyo sharti la vyeti halisi peke yake lisikupe hofu. Ila usivitume kwa basi, wala usimwachie mtu "kwa uhakiki" bila maandishi ya ofisi inayojulikana.

Barua pepe waliyotumia iliishia na .com, huku jina la mbele limeandikwa kama la ofisi ya serikali. Someni kinachofuata baada ya @ hadi herufi ya mwisho. Ofisi ya serikali huishia na .go.tz.

Kama umeshatuma hela, piga 100 kwa mtandao wako papo hapo uombe muamala uzuiwe, kwa sababu wanazitoa haraka sana. Peleka meseji na namba yao 15040, kisha nenda polisi uchukue RB ukiwa na ile PDF na ujumbe wa muamala. Usiifute WhatsApp kwa hasira, ndiyo ushahidi wenyewe. Na kama uliwapa nakala ya kitambulisho cha NIDA, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika ukaifute.