PS Plus Extra au diski ya mtumba? Uzoefu wangu na PS4 hapa Mwanza

Kazi yangu ni dagaa, pale Mwaloni Kirumba. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri anga likiwa giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi mingi hulala nchi kavu, na sisi tunaopakia mzigo tunakaa nyumbani pia. Kwa hiyo siku ninazopata nafasi ya kushika pedi ni hizohizo ambazo hela haiingii. Wakati wa giza hela ipo, lakini nikirudi jioni sina nguvu hata ya kuwasha televisheni. Naanza na hilo kwa sababu katalogi ya kulipia kwa mwezi inakuuzia muda, na muda wangu uko hivyo.

Nina PS4 niliyonunua imeshatumika. PlayStation Plus ina ngazi tatu tangu Juni 2022: Essential, Extra na Premium. Essential ndiyo inayokuruhusu kucheza mtandaoni na kukupa gemu chache kila mwezi. Extra inaongeza katalogi yenye mamia ya gemu. Nilikwenda na Extra ya mwezi mmoja. Akaunti yangu ni ya Marekani, kama wengi wetu huku, na bei niliyoikuta ilikuwa dola 14.99. Ukiweka dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni kama 37,500. Mimi niliingiza salio kwa kadi ya msimbo niliyonunua kwa muuzaji, naye akaweka faida yake, ikafika kama elfu 42. Angalizo moja hapo: kadi ya msimbo lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Kadi ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Marekani, na muuzaji akishakukwangulia msimbo harudishi hela.

Gemu niliyoitaka ilikuwa Horizon Zero Dawn. Ilikuwamo kwenye katalogi, basi nikaona elfu 42 hiyo imekwisha kazi yake. Kumbe gharama ya pili ilikuwa inanisubiri: gemu hiyo ni zaidi ya GB 40 za kushusha. Kwa bando la simu ninalonunua mimi, kuishusha peke yake kungepita bei ya mwezi mzima wa Extra. Nilibeba PS4 kwenye begi hadi kwa binamu yangu Nyegezi mwenye intaneti ya waya, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imekamilika, lakini nikajua kwamba kila gemu kubwa nitakayotaka kwenye katalogi itadai safari ya namna hiyo. Sifa kuu ya katalogi ni kuonja: unafungua hii, haikufurahishi, unahamia ile. Ukiwa unategemea bando, kuonja gemu ya GB 40 hakuna raha. Niliishia kuonja zile ndogo za GB mbili tatu, na kwa kweli mbili kati ya hizo nilizipenda sana.

Siku zangu za mbalamwezi zikaisha nikiwa sijafika hata nusu ya Horizon. Giza likaingia, kazi ikarudi, na mwezi niliolipia ukaendelea kuhesabika mimi nikiwa Mwaloni. Ukaisha. Gemu ikabaki kwenye diski kuu ikiwa na alama ya kufuli. Hatua nilizofikia hazikufutika, maana sevu hukaa ndani ya PS4, lakini gemu yenyewe haifunguki mpaka ulipie tena. Kabla sijalipia tena, Mei 2024 Horizon Zero Dawn ikaondolewa kwenye katalogi. Hiyo ni gemu ya Sony wenyewe, siyo ya kampuni ya nje! Kama gemu yao inaweza kutoka, hakuna inayokaa kwa uhakika. Katalogi ina sehemu inayoitwa `Last Chance to Play`, huonyesha zinazokaribia kuondoka. Iangalie hiyo kwanza kabla hujatoa shilingi.

Baada ya hapo nilikwenda katikati ya mji kwa jamaa wanaouza na kubadilisha diski, nikapata Horizon ya diski, toleo la Complete Edition, kwa elfu 45. Toleo hilo nililichagua kwa makusudi, kwa sababu nyongeza ya The Frozen Wilds imo tayari, sihitaji kuishusha. Diski unaweka, inajinakili kwenye PS4 bila intaneti, unacheza. Sevu ya zamani haikusomeka: diski ilikuwa na alama ya PEGI, yaani toleo la Ulaya, na ile ya katalogi ilikuwa ya Marekani. PS4 inacheza diski ya nchi yoyote, ila sevu na nyongeza zinafuata toleo. Ukitaka kuhakikisha, linganisha namba inayoanza na CUSA iliyoandikwa kwenye ubavu wa kasha na ile ya gemu uliyonayo. Nilianza upya, na sikujali.

Niliicheza mbalamwezi mbili na kidogo ya tatu. Wakati wa giza diski ilikaa kwenye kasha bila kunidai chochote. Nilipomaliza niliirudisha kwa jamaa yuleyule, akaichukua kwa elfu 35. Elfu kumi, gemu nzima na nyongeza yake. Kwa Extra, miezi mitatu ya kuifuatilia ingenitoa elfu 126 kwa njia ya kadi za msimbo, na mkononi nisingebaki na kitu cha kuuza.

Kununua kwa njia ya mtandao, bila diski, kuko katikati. Wakati wa punguzo bei inashuka sana, na gemu haikuhesabii siku. Lakini huwezi kuiuza, na GB ni zilezile. Mimi nainunua hivyo gemu ndogo tu.

Diski nayo ina ukaguzi wake. Igeuze chini ya mwanga: mikwaruzo myepesi inayotoka katikati kwenda ukingoni kwa kawaida haisumbui, ila mkwaruzo mrefu unaozunguka pamoja na diski ndio unaokwamisha kunakili. Omba waiweke kwenye mashine ya dukani na usubiri inakili mpaka mwisho. Muuzaji asiyekubali kusubiri, muage.

Kuna watu ambao Extra inawafaa zaidi. Mdogo wangu anasoma chuo na amepanga nyumba yenye intaneti ya waya. Likizo anacheza karibu kila siku, anamaliza gemu fupi moja baada ya nyingine, na mwezi mmoja kwake unalipa vizuri. Kinachotakiwa ni kuzima `Auto-Renew` siku ileile unayolipia, maana muda uliolipia unaendelea hadi mwisho hata ukizima. Na kama mnacheza mpira wawili kwenye PS4 moja sebuleni, hamhitaji PS Plus yoyote. eFootball ni ya bure hata ukicheza mtandaoni.

Kwa wenye PS4 kuna jambo jingine zito. Januari 2025 Sony walitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 gemu za PS4 hazitakuwa tena kipaumbele kwenye zinazoongezwa, zitakuja mara chache. Zinazoondoka zinaendelea kuondoka. Huku upande wa diski, kadiri watu wanavyohamia PS5, rafu za mtumba za PS4 hapa mjini zinazidi kujaa, na jamaa yangu ameshaniwekea God of War kwa elfu 40 nikaichukue mwezi ukianza kukua.