Uzoefu wangu: kutafuta jina la wimbo wa mashabiki kwa klipu ya Uwanja wa Jamhuri

Klipu alirekodi mdogo wangu akiwa mzunguko, Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, simu ameinyanyua juu ya vichwa vya watu. Ndani yake kuna ngoma, vuvuzela na muuza maji, na katikati ya vurugu hiyo umati unaimba "ooo, o-o-o-o, ooo, ooo" bila neno hata moja. Dogo anautaka uwe mlio wa simu yake, ila jina halijui.

Nilianza na programu ya kutambua nyimbo, zile unazoelekezea spika ya baa zikakutajia msanii. Haikupata kitu. Ukijua inavyofanya kazi hutailaumu sana: inachukua sauti zilizojitokeza kwa nguvu kila sekunde, kisha inalinganisha mpangilio wake na ule wa rekodi ya studio. Inaitambua rekodi ile ile, hata ikiwa na kelele. Watu elfu kadhaa wakiuimba wimbo huo kwa midomo yao, kwake hicho ni kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo kwanza jua klipu yako imetoka spika za uwanja au vifua vya watu. Muziki wa spika una ala na mwendo haubadiliki. Umati huanza polepole ukaishia kukimbia, na jukwaa la mbali husikika limechelewa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo anayeimba mita 100 kutoka kwako anakufikia karibu theluthi ya sekunde nyuma. Ukisikia mvurugiko huo, achana na programu za aina ile.

Kilichonisaidia ni huduma ya Google ya kutafuta wimbo kwa kuuguna, iliyokuja 2020. Unafungua programu ya Google, unabonyeza kipaza sauti, unachagua `Search a song`, kisha unaguna au kupiga mluzi kwa sekunde 10 hadi 15. Inafuata jinsi sauti inavyopanda na kushuka, kwa hiyo hata ukianzia juu au chini kuliko mashabiki haina shida.

Usiichezeshee klipu yenyewe. Vuvuzela hutoa mlio mmoja mnene wa takriban hezi 233, palepale zinapopita sauti za wanaume, na huo ndio utakaosikika. Vaa spika za masikioni, ujifunze wimbo, uugune mwenyewe chumbani. Sehemu ya kujifunzia usiichukue mara tu baada ya shangwe ya goli: simu ikipigwa na kelele kubwa hujipunguza yenyewe, na sauti ya kuimba inakuwa imedidimia kwa muda.

Pale penye utata nilimpelekea klipu rafiki yangu anayefundisha kwaya Area C, maana umati ulikuwa unaziponda noti mbili za mwisho. Akasikiliza akaniandikia kama anavyowaandikia wanakwaya wake: la la do la so fa mi, hiyo do ikiwa ya juu. Nikaguna hivyo hivyo, nikirudia bila kusimama.

Jibu la juu kwenye orodha: Seven Nation Army ya The White Stripes, wimbo wa 2003. Nikaufungua, na noti saba ndizo hizo, tena zinapigwa na gitaa mwanzoni kabisa, haziimbwi. Ndiyo maana kutafuta kwa maneno kusingefika popote. Mashabiki wa Club Brugge wa Ubelgiji waliuimba Milan mwaka huo huo wa 2003, na Waitalia wakaubeba kwenye Kombe la Dunia la 2006. Mdogo wangu alikuwa anabisha kwamba ni mali ya timu yake. Basi.

Ina mipaka yake. Inakupa lahani, haikuambii nani anaimba. Chukua wimbo wetu wa taifa: lahani ni ile ya Enoch Sontonga ya 1897, na Zambia wanaitumia, na Afrika Kusini nao wanayo ndani ya wimbo wao. Ukiiguna tu, majibu yanaweza kukuletea nchi yoyote kati ya hizo, na hapo lazima usikilize maneno.

Na nyimbo nyingi za mzunguko ni mapambio ya kanisani au vibwagizo vya mtaani vilivyobadilishwa maneno, vingine havijawahi kuingia studio. Kwa hivyo naipa nyota nne kwa nyimbo zinazojulikana duniani, na moja kwa za kwetu. Za kwetu mfuate mpiga ngoma wa kikundi cha ushangiliaji mechi ikiisha. Anajua kila kibwagizo kilipotoka, na atakuimbia na ubeti wa pili.