Kozi ya wiki nane iliyonitoa kwenye leja: uzoefu wangu, Kampala

Nimeulizwa mara nyingi na wahasibu wenzangu kama kozi fupi ya uchambuzi wa data inafaa pesa yake, na kila mara najibu nusu nusu kwa sababu niko mbioni. Leo nimekaa.

Mimi ni mzaliwa wa Busia upande wa Uganda, na kwa miaka tisa nilikuwa mhasibu wa kampuni ya malori hapa Kampala, upande wa Nakawa. Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya ofisi, maana madereva wengi ni wa njia ya Mombasa na mwenye kampuni mwenyewe, tuliyemwita Mzee, alikulia pwani. Kazi yangu ilikuwa ile ile ya kila mhasibu: ankara, mishahara, kulinganisha daftari letu na taarifa ya benki, na ritani za kodi za URA.

Kozi yenyewe niliilipia shilingi 900,000 kwa mafungu mawili, kwenye kituo kimoja maeneo ya Ntinda. Jumamosi mchana kutwa na jioni mbili za katikati ya wiki. Wiki mbili za kwanza zilikuwa Excel, na mhasibu yeyote anaweza kuzilala. Mimi nilikuwa namsaidia jirani yangu, kijana wa benki, kuandika fomula. Wiki tatu zilizofuata zilikuwa SQL, lugha ya kuyauliza majedwali ya data maswali, na hapo ndipo pesa yangu iliporudi. Mbili zikaenda kwenye Power BI, programu ya kuchora grafu na ripoti, na ya mwisho ilikuwa ya mradi. Kituo hakikutuambia mapema kwamba Power BI Desktop inakaa kwenye Windows tu, kwa hiyo dada mmoja aliyekuja na Mac alipoteza Jumamosi nzima. Mkija na yenu, ulizeni kwanza.

Sasa nieleze mambo ya SQL, kwa sababu ndipo uhasibu wangu uliponibeba, na ndipo pia kozi iliponiangusha kidogo.

Data tuliyofundishiwa ilikuwa ya duka la Marekani: viti, karatasi, majimbo ambayo sijui yako wapi. Mimi kwa mradi nikaomba ruhusa kwa Mzee nitumie ya kwetu. Nilikuwa na majedwali mawili ya mwezi mmoja. La kwanza, `mafuta`, kila mstari ni lori moja kujazwa dizeli mara moja: namba ya lori, tarehe, lita. La pili, `safari`, kila mstari ni safari moja: lori, tarehe, kilomita. Swali la Mzee lilikuwa rahisi: kila lori linakula lita ngapi kwa kilomita 100?

Mwalimu alikuwa ametufundisha kuunganisha majedwali kwa kile yanachoshirikiana. Yangu yalishirikiana lori na tarehe, nikaunganisha hivi:

```sql
SELECT SUM(m.lita)
FROM mafuta m
LEFT JOIN safari s
  ON m.lori = s.lori
 AND m.tarehe = s.tarehe;
```

Jibu likaja: lita 46,660. Hakuna kosa jekundu, hakuna onyo. Wenzangu wangeendelea na grafu. Lakini mimi leja ya mafuta ya mwezi ule niliifunga kwa mkono wangu, na ilisema lita 41,260. Tofauti 5,400.

Mhasibu akiona tofauti, mkono unakwenda wenyewe. Kwanza nikaigawa kwa 9. Wasiojua, ni ujanja wa zamani: ukiandika 27 badala ya 72, tofauti hugawanyika kwa 9 bila baki. 5,400 gawa kwa 9 ni 600 kamili. Nikafurahi, nikajua kuna mtu amepindua tarakimu kwenye stakabadhi, na nikapoteza jioni nzima nikipekua stakabadhi za pampu moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sawa.

Kesho yake nikafanya ambacho ningefanya mwanzo: nikahesabu mistari. Jedwali la mafuta lilikuwa na mistari 236. Baada ya kuunganisha, ilikuwa 266. Mistari 30 imezaliwa kusikojulikana, na 5,400 gawa kwa 30 ni 180, ambazo ni kama lita za kujaza mara moja. Hapo nikaelewa.

Chukua lori la 14, tarehe 3. Asubuhi limejazwa lita 180. Likaenda Jinja, likarudi, na alasiri likapeleka mzigo mwingine Mukono. Kwenye `mafuta` siku ile ina mstari mmoja, kwenye `safari` ina miwili. SQL ikiambiwa iunganishe kwa lori na tarehe, inaupa kila mstari wa safari nakala yake ya zile lita 180. Mafuta yamenunuliwa mara moja, yamehesabiwa mara mbili. Kwa lugha yetu, ni ankara moja iliyoingizwa mara mbili, ila safari hii aliyeiingiza si karani. Siku za namna hiyo mwezi ule, ukijumlisha malori yote, zilikuwa 30.

Dawa yake ni kujumlisha kila jedwali peke yake mpaka kila lori liwe na mstari mmoja tu, ndipo uunganishe:

```sql
WITH m AS (
  SELECT lori, SUM(lita) AS lita
  FROM mafuta GROUP BY lori
), s AS (
  SELECT lori, SUM(km) AS km
  FROM safari GROUP BY lori
)
SELECT m.lori, m.lita, s.km,
       100.0 * m.lita / s.km AS kwa_100km
FROM m LEFT JOIN s ON m.lori = s.lori;
```

Nikajumlisha safu ya lita: 41,260. Nilipiga makofi peke yangu mezani, mlinzi akachungulia.

Ningeweza kujumlisha kwa lori na tarehe, lakini kwa mafuta hiyo ni kujidanganya. Dizeli ya leo inasafiri kesho na keshokutwa. Hata kwa mwezi tatizo linabaki kwenye ncha: mafuta ya tarehe 31 yanaunguzwa tarehe 2. Mhasibu analijua jambo hili kwa jina lingine, ni kuweka gharama kwenye kipindi chake. Mwezi uliofuata nikamwomba msimamizi wa gereji kila lori lijazwe mpaka juu jioni ya siku ya mwisho, mwezi kwa mwezi, ili lita zilizonunuliwa kati ya jioni mbili hizo ziwe ndizo zilizotumika. Kozi haikunifundisha hilo, na sidhani kama ingeweza.

Kilichobaki kilikuwa mstari mmoja. Malori karibu yote yalikuja kati ya lita 38 na 45 kwa kilomita 100, lakini lori la 9 lilikuwa na lita 640, na kwenye kilomita, `NULL`. Pengo tupu.

Hapa ndipo ninapolalamika. Wiki ya nne mwalimu alituambia, na imo kwenye maandishi tuliyogawiwa, kwamba mistari yenye mapengo "inasafishwa", yaani inafutwa. Kijana wa benki aliyekaa karibu nami aliandika `JOIN` kwenye mradi wake bila `LEFT`, neno linalobakiza mistari iliyokosa mwenzake, mapengo yakajifuta yenyewe, akapata pongezi kwa jedwali safi. Mimi nimefundishwa kinyume. Ukilinganisha daftari na taarifa ya benki, vitu vilivyokubaliana huvitazami mara ya pili. Kazi yote iko kwenye vile vilivyokosa mwenzao: hundi ambayo haijapelekwa, makato ya benki ambayo hukuyajua, pesa iliyoingia bila jina. Pengo ndiyo habari.

Nikashuka gereji. "Lori la 9 limekwenda wapi mwezi jana?"

"Dada wa hesabu, hilo liko juu ya mawe tangu likatike ekseli," msimamizi akanijibu. "Si unaliona?"

Nililiona. Halina magurudumu ya nyuma. Na kadi yake ya mafuta ilikuwa inatumika kununulia dizeli ya jenereta ya bohari, kwa sababu jenereta haina kadi na hakuna aliyefikiri ni kosa. Hapakuwa na mwizi. Lakini kwa miezi kadhaa gharama ya umeme wa bohari ilikuwa imejificha kwenye gharama ya usafirishaji, na Mzee alikuwa anapanga bei ya kubeba mzigo kwa hesabu hiyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nimekuwa nikiwauzia wateja taa." Jenereta ikapata kadi yake wiki ile ile.

Ripoti hiyo ndiyo iliyonipatia kazi niliyonayo sasa, ya mchambuzi kwenye kampuni ya kusambaza bidhaa za dukani. Kwenye usaili hawakuiangalia hata grafu. Waliniuliza nilijuaje kwamba 46,660 si sahihi, tukazungumza hapo nusu saa. Nilianza kwa mshahara pungufu ya ule wa uhasibu, shilingi laki tatu chini kwa mwezi, na ilinichukua mwaka kuufikia. Mwenye ada za shule shingoni alipige hesabu hilo kabla.

Kuna ambacho kozi haikunipa na nilikitafuta mwenyewe. Takwimu zilikuwa haba mno: tulifundishwa wastani, hatukufundishwa kwamba duka moja kubwa la Kikuubo linaweza kuuvuta wastani wa maduka mia, na kwamba hapo unayapanga kuanzia dogo hadi kubwa na kutazama lililo katikati ya orodha. Pia niliomba kazi mbili za mashirika yasiyo ya kiserikali nikaangukia pua, kwa sababu wao wanataka programu za Stata ya takwimu na KoboToolbox ya madodoso, wanakusanya dodoso vijijini, na kozi yangu haikugusa hata kimoja. Kama ndiko unakolenga, usilipie hii. Na cheti sijaulizwa na mtu mpaka leo.

Kwa mhasibu anayetaka kuingia kwenye biashara, usafirishaji, benki au usambazaji, ningeilipia tena, ila ningeomba niruke wiki mbili za Excel na nipunguziwe ada. Niliomba. Walikataa kwa heshima.

Baadaye nilimpelekea mwalimu yale majedwali mawili, nikiwa nimeondoa majina ya madereva. Aliniambia darasa lililofuata alilifungulia nayo badala ya lile duka la viti, na kwamba karibu wote walileta 46,660. Yule mmoja aliyesimama na kusema mistari imeongezeka alikuwa karani wa SACCO kutoka Mbale.

Mimi bado sijapona kabisa. Ikifika tarehe 15, siku ya ritani ya VAT, naamka tumbo limenibana, najipapasa kutafuta simu, kisha nakumbuka si kazi yangu tena.