Kamera ya kona: soma picha kwanza, ndipo uende dukani

Jirani yangu ana duka la dawa kwenye kona ya mitaa miwili. Mwezi uliopita alinitumia picha ya ghorofa moja la mjini aliyoipiga akiwa ndani ya daladala, na chini yake akaandika: "Nataka mbili kama hii ya kuba, bei gani?" Niliikuza picha, nikampigia simu kabla hajatoa hela. Aliyoiona si kamera ya kuba. Ilikuwa kamera ya kuzunguka, ile ambayo kwenye boksi imeandikwa PTZ, na bei yake ni mara kadhaa ya ile aliyokuwa akiifikiria. Kosa hili nimeliona kwa watu wengi, na ni rahisi kuliepuka ukijua mahali pa kuangalia.

Watu huangalia kioo. Wakiona nusu mpira mweusi, wanasema ni domu, yaani kamera ya kuba. Mimi naanza na jinsi kamera ilivyoshikwa, kwa sababu kwenye kona ya jengo mshikio ndio unaosema ukweli. Domu ya kawaida ina kitako bapa kinacholala moja kwa moja juu ya dari, upenu au ukuta, kama sahani iliyofunikwa bakuli. Buleti ni bomba fupi linalotoka ukutani kwa shingo moja, limelala, na juu yake mara nyingi kuna kofia ya kuzuia jua na mvua iliyochomoza mbele ya lenzi. Kamera ya kuzunguka huning'inia. Utaona mkono wa chuma uliotoka mbali na ukuta, na chini yake kamera inaelea yenyewe, ili kichwa kipate nafasi ya kugeuka bila kugonga kitu. Kwenye kona hasa, angalia nyuma ya mkono huo: kukiwa na bamba la chuma lililokunjwa kukumbatia kuta zote mbili, karibu kila mara ni ya kuzunguka, kwani uzito wake unahitaji kushikwa namna hiyo.

Kisha pima ukubwa kwa kitu unachokijua kilichomo kwenye picha. Tofali la saruji lina kimo cha kama inchi 9, yaani sentimita 23. Domu ndogo ina upana wa sentimita 11 hadi 15, kwa hiyo ni kama nusu ya kimo cha tofali. Ile ya jirani yangu, nilipoilinganisha na matofali ya uzio ulioungana na jengo, ilizidi tofali zima kwa urefu, na juu ya kioo chake kulikuwa na kiwiliwili cheupe kama ndoo ndogo. Kati ya kiwiliwili na kioo palikuwa na mstari mwembamba uliozunguka pande zote. Hapo ndipo kichwa kinapogeukia. Domu haina kiwiliwili cha namna hiyo juu yake.

Picha zilizotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ubora, na mstari kama huo hupotea. Mwambie aliyepiga akutumie kama faili. Ukiweza, apige mara mbili kwa saa tofauti akiwa amesimama palepale: lenzi ikiwa imeelekea kwingine, jibu umepata. Isipogeuka, usihitimishe, kwani huenda hakuna aliyeiamuru igeuke siku hiyo.

Kuna mtego mmoja. Siku hizi zimejaa kamera ndogo za waifai zenye antena mbili kama masikio na kichwa cha mviringo. Kwa mbali zinafanana na buleti fupi au domu, lakini zinazunguka. Antena hizo, na kichwa kilichobebwa na shingo inayoweza kupinda, ndizo zinazozitambulisha.

Sasa kununua. Kwa kona ya nje ya nyumba au duka, hivi ndivyo ninavyozipanga.

Nafasi ya kwanza naipa buleti, na nazitaka mbili. Kona ya nje inaacha wazi digrii 270. Buleti yenye lenzi ya milimita 2.8 huona kama digrii 100, kwa hiyo moja haiwezi hata ukiigeuza vipi. Mbili, kila moja ikisindikiza ukuta wake, zinakuonyesha milango na madirisha ya pande zote saa zote. Katikati inabaki pembe ya kama digrii 70 isiyoonekana, na chini kabisa ya kona pia hapaonekani, ndiyo maana nashauri kamera ya kona ya pili ya jengo iitazame kona hii. Zifunge kwenye mita 3 hivi. Ukizipandisha mita 6 ukihofia kuibiwa, utakachopata ni picha za kofia na vipara. Udhaifu wa buleti ni buibui: wadudu hufuata mwanga wa taa zake za usiku, buibui hufuata wadudu, na asubuhi unakuta utando umejaza picha. Fagio refu kila baada ya wiki chache linatosha. Pia anayeifikia kwa mkono anaweza kuigeuza, jambo ambalo kwa domu ni gumu.

Nafasi ya pili ni domu, lakini kwa sharti moja: iwe chini ya upenu au baraza, isinyeshewe. Pale mtu anapoweza kuigusa, ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa kioo kinaificha lenzi na mgeni hajui inatazama wapi. Ukiifunga kwenye ukuta ulio wazi, hasa huku pwani kwenye chumvi na vumbi, kioo kinachafuka na mwanga wa taa zake za usiku unagonga uchafu huo na kuirudia lenzi. Dalili yake utaijua: mchana picha ni safi, usiku imetanda ukungu mweupe. Fundi atakwambia kamera imekufa. Futa kioo kwa kitambaa laini chenye maji kwanza, kwa sababu kitambaa kikavu hukikwaruza, na mikwaruzo haitoki.

Ya kuzunguka naiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayovutia kuliko zote dukani. Inaona mbali, inakuza hadi namba ya gari, lakini inaona upande mmoja tu kwa wakati. Ikiwa imegeukia barabara, mlango wa nyuma hauna mlinzi. Inafaa palipo na mtu anayekaa mbele ya skrini, au uwanja mpana ambao tayari una kamera zisizogeuka. Tena inakula umeme zaidi. Swichi ya kawaida inayopeleka umeme kwenye waya wa mtandao hutoa wati 15.4 kwa kila tundu, na nyingi za kuzunguka zinahitaji ile ya wati 30. Ukikosea hapo, kamera itafanya kazi mchana, na usiku taa zake zikiwaka au kichwa kikianza kugeuka, inajizima na kujiwasha upya.

Duka la jirani yangu linafungwa saa 3 usiku na hakuna anayekesha kwenye skrini. Alinunua buleti mbili za nje na domu moja ya barazani, juu ya dirisha la kuuzia. Kabla fundi hajaondoka tulisubiri giza liingie, nikasimama mlangoni nikiangalia juu, na yeye ndani akaangalia kama uso wangu unatambulika. Buleti ya upande wa kushoto ilibidi ishushwe kidogo.