Kubeti au kupitisha: K-7-2 na 9-8-7

Unacheza poka. Una A-Q, umepandisha dau, na mwenye dau kubwa la lazima pekee amekufuata. Chungu kina chipu 60.

Karata tatu za mezani zikifunguliwa K-7-2 za rangi tofauti, beti 20. Kwa kuwa ulipandisha, wewe ndiye unayeweza kuwa na A-A, K-K na A-K mara nyingi zaidi, naye mara nyingi hana kitu. Akikunja mara 1 kati ya 4, tayari dau limejilipa, hata kama ungeshindwa mara zote nyingine.

Zikija 9-8-7, mbili za kopa, mimi napitisha bila kusita. Meza hii ni yake: anaweza kuwa na J-10, 6-5, 9-8. Ukibeti akapandisha, unakunja, na A au Q ambayo ungeiona bure imekupotea.